Masikio yaliyochomoza: kinachowezekana kabla ya arobaini, na kinachosubiri hadi darasa la kwanza

Wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa Januari, jirani yangu hapa Tabata alinigongea mlango jioni akiwa na simu mkononi. Alikuwa na mimba ya miezi minane, kwa hiyo nilimvutia kiti kabla ya kumuuliza lolote. Kwenye simu kulikuwa na tangazo la stika za kubandika nyuma ya masikio, zile zinazouzwa mitandaoni kwa picha mbili za "kabla" na "baada". Mwanawe wa kwanza, mwenye miaka saba, alikuwa ameingia darasa la pili. Alinyolewa kipara kama wenzake, na siku ileile akarudi nyumbani na jina jipya. Wanamwita Dishi.

"Dada, hizi zinafanya kazi kweli?" Kisha akashika tumbo. "Na huyu je, akitoka na masikio hayohayo ya baba yake?"

Yeye alidhani ameuliza swali moja. Ni maswali mawili, na majibu yake hayafanani, ingawa masikio ni yaleyale na nyumba ni moja. Kinachoyatenganisha ni umri. Sikio la mtoto wa wiki moja na sikio la mtoto wa miaka saba ni vitu viwili tofauti kabisa mikononi mwa daktari, na wazazi wengi wa mji huu hulijua hilo wakati nafasi ya kwanza imeshapita.

Tuanze na sikio lenyewe. Pitisha kidole kwenye sikio lako. Utagusa kwanza ukingo wa nje uliojikunja. Ukiingia ndani kidogo utakuta mgongo mwingine unaopanda sambamba na ule ukingo; huo tuuite mkunjo wa ndani. Ukiendelea unaingia kwenye bakuli, lile shimo pana linaloelekea kwenye tundu la sikio. Ukiacha ndewe, ile sehemu laini ya chini tunayotoga hereni, umbo lote hilo limejengwa kwa gegedu, kitu kilekile kinachotafunika kwenye ncha ya mfupa wa kuku.

Sasa fikiria kola ya shati. Ikipigwa pasi kwenye mkunjo wake, inalala. Mkunjo ukikosekana, kola inasimama wima shingoni. Masikio mengi yaliyochomoza yako hivyo: ule mkunjo wa ndani haukujikunja vya kutosha, basi nusu ya juu ya sikio inasimama mbali na kichwa. Kwa watoto wengine mkunjo upo, ila bakuli ni refu kupita kiasi na linalisukuma sikio zima nje. Wapo wenye yote mawili. Ukitaka kujua ya mwanao ni yapi, sukuma taratibu ukingo wa juu wa sikio lake kuelekea kichwani. Mkunjo ukijitokeza na sikio likaonekana la kawaida, tatizo kubwa liko kwenye mkunjo. Sikio likibaki limesukumwa nje kuanzia katikati, bakuli nalo linahusika.

Kipimo kipo pia. Kwa mtoto mkubwa, umbali kutoka kichwani hadi ukingo wa sikio kwa kawaida ni kama sentimita 1.5 hadi 2. Ukizidi 2, madaktari husema sikio limechomoza. Jirani yangu alichukua rula kwenye mkoba wa shule wa mwanawe akampima palepale sebuleni: upande wa kulia sentimita 2.6, upande wa kushoto 2.4. Tofauti ndogo kama hiyo kati ya pande mbili ni ya kawaida hata kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwatania.

Masikio haya yanasikia sawa na mengine. Kusikia hufanyika ndani, nyuma ya ngoma ya sikio, na umbo la nje kama hili halimpunguzii mtoto chochote darasani. Mwalimu akisema mtoto hasikii vizuri, hilo ni jambo jingine la kwenda kupimwa lenyewe.

Na hapa naomba mzazi asome polepole. Ninayoyaeleza yanahusu sikio ambalo limekuwa hivyo tangu utotoni. Sikio moja likichomoza ghafla, ndani ya siku chache, huku mtoto ana homa, anaumwa sikio, na nyuma yake pamevimba pakawa pekundu au panauma ukipagusa, huo unaweza kuwa usaha kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Yanatoka wapi? Mara nyingi yamo kwenye ukoo. Mzazi mmoja mwenye nayo anatosha kuyarithisha, na kuna wakati yanaruka kizazi kimoja yakaibukia kwa mjukuu. Mama hakuyasababisha kwa kumcheka mtu wakati wa ujauzito, wala kwa kutazama mnyama fulani. Mwalimu aliyemvuta mtoto masikio amefanya kosa, lakini hakuyachomoza.

Liko dai moja tu la mitaani lenye chembe ya ukweli, nalo ni la ulalaji. Madaktari wa Japani waliofuatilia masikio ya watoto wachanga waligundua kwamba baadhi ya watoto huzaliwa masikio yakiwa yamelala vizuri, kisha yanachomoza katika miezi ya mwanzo. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake haina nguvu. Akigeukia upande mmoja, sikio linaweza kukunjika kwa mbele na kubanwa hivyo kwa saa nyingi. Kwa hiyo ukimlaza mtoto chali, kama inavyoshauriwa kwa usalama wake, na kichwa kikaangukia upande mmoja, pitisha kidole uhakikishe sikio limelala bapa. Hilo linahusu wiki zile za mwanzo. Mama wa mtoto wa miaka saba asijilaumu kwa sababu ya mbeleko.

Kwa nini wiki za mwanzo? Kwa sababu mtoto anazaliwa akiwa bado amebeba homoni za mama yake, na mojawapo, estrojeni, hulifanya gegedu liwe laini na lenye kukubali umbo. Kiwango chake huwa juu sana siku za mwanzo, kisha kinashuka, na ikifika kama wiki ya sita kimekuwa sawa na cha mtoto yeyote mkubwa zaidi. Waliokulia Pwani wamewahi kuona ukili ukisukwa. Miyaa ikilowekwa, unaikunja utakavyo, na ikikauka mkekani inakaa na umbo ulilolipa. Ukichukua miyaa iliyokwisha kukauka ukailazimisha, ama itarudi ilivyokuwa ama itavunjika. Gegedu la sikio linakauka hivyo, na tarehe yake karibu inalingana na siku ambayo mama anatoka arobaini.

Huu ndio ugumu wake. Siku arobaini ni zile ambazo mama amepumzishwa ndani, na macho ya watu wote yako kwenye kitovu na kunyonya. Wanaokuja kumwona mtoto husema "amechukua masikio ya babu" na wote wanafurahi. Mama anakuja kuyawaza masikio mtoto akiwa na miezi minne, tano, nafasi ikiwa imepita. Nafasi ya kuuliza ipo, kwa sababu mahudhurio ya kliniki baada ya kujifungua yamepangwa ndani ya muda huohuo, hadi siku ya 42. Lakini mama asipoliuliza, si ajabu hakuna atakayelitaja.

Mtoto wa pili wa jirani yangu alizaliwa mwisho wa Februari, msichana. Siku ya pili nilitumiwa picha. Sikio la kulia lilikuwa limelala vizuri. La kushoto lilikuwa bapa kama jani, mkunjo wa ndani haupo, nusu ya juu imesimama. Hatukukimbia siku hiyo. Masikio mengi yaliyopinda kwa kubanwa tumboni au wakati wa kuzaliwa hujinyoosha yenyewe katika siku chache, na madaktari wengi huona busara kungoja karibu wiki moja. Siku ya saba la kushoto lilikuwa vilevile, na siku ya nane tukaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Jambo la kwanza alilofanya daktari ni kuhakikisha sehemu zote za sikio zipo. Hilo ni la msingi, kwa sababu sikio lenye umbo baya na sikio lililopungukiwa havitibiwi sawa. Mtoto aliyezaliwa na sikio dogo sana, au lisilo na tundu, anahitaji kwanza kupimwa usikivu, na hakuna plasta itakayoongeza gegedu ambalo halipo.

Kisha alinyoa nywele kidogo kuzunguka sikio na kusafisha ngozi hadi ikauka kabisa. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta ya nazi asubuhi, utosini hadi nyuma ya masikio, kama sote tulivyopakwa, na plasta haishiki kwenye mafuta. Akachukua waya laini uliovishwa mrija mwembamba wa hospitali, akaukata mfupi kuliko kidole, akaupinda kama herufi C. Aliulaza kwenye mfereji ulio kati ya ukingo wa nje na mahali ambapo mkunjo ulitakiwa kuwa, akaubana kwa vipande vyembamba vya plasta ya karatasi, na mkunjo ukajitokeza mbele ya macho yetu. Mwisho akabandika plasta nyingine kutoka nyuma ya sikio hadi kichwani. Yote yalichukua muda mfupi kuliko foleni. Mtoto alilia aliponyolewa, akanyamaza, akalala. Hapakuwa na sindano wala tone la damu. Vipo pia vifaa maalumu vya kiwandani vya kazi hii, vyenye ganda linalozunguka sikio lote, ila kanuni ni ileile.

Kifaa hicho hukaa usiku na mchana. Kwa mtoto aliyeanza siku za mwanzo, wiki mbili hadi tatu zinaweza kutosha. Aliyeanza akiwa na wiki tatu au nne huhitaji muda mrefu zaidi, na matokeo yake si ya uhakika kama ya yule wa kwanza. Baada ya wiki ya sita wengi hawapati mabadiliko ya maana.

Kinachosumbua hapa Dar ni joto. Februari na Machi mtoto anatoka jasho hata akiwa amelala chini ya feni, plasta inalegea pembeni, na unyevu unakaa chini yake. Huyu plasta yake ililegea mara tatu katika wiki mbili. Mama alielekezwa asirudishe waya mwenyewe, kwa sababu waya uliokaa vibaya unachimba ngozi badala ya kukunja gegedu. Kazi yake ilikuwa kutazama: wekundu usiopungua baada ya plasta kuondolewa, ngozi inayochubuka, majimaji, harufu, au mtoto anayelia kila anapoguswa upande huo. Ukiona kimojawapo, kifaa kinatolewa na ngozi inapumzishwa hadi ipone. Siku ya kumi na tano pakaonekana pekundu nyuma ya sikio, wakakitoa siku mbili, wakakirudisha.

Tumrudie kaka mtu. Kabla hawajaja kwangu, bibi yake alikuwa amembandika plasta nyuma ya masikio kila usiku kwa karibu mwaka mzima. "Samaki mkunje angali mbichi," bibi aliniambia, na kwa methali hakukosea. Lakini mtoto yule si mbichi tena. Usiku sikio lilibanwa, asubuhi plasta ikatolewa, na sikio likarudi lilipokuwa kabla hajamaliza kunywa chai. Kilichobaki ni ngozi iliyobabuka. Stika za kwenye tangazo zinafanya jambo hilohilo: zinalishika sikio kwa saa zilizobandikwa, basi. Kofia ya kubana, kitambaa cha kichwani na kukanda kwa mafuta ya moto navyo havibadilishi gegedu la mtoto wa umri huo. Kuanzia miezi michache ya mwanzo hadi umri wa upasuaji, hakuna cha kufanya kwenye sikio lenyewe, na mzazi aliyelijua hilo anaokoa pesa yake na ngozi ya mwanawe.

Upasuaji kwa kawaida hufikiriwa kuanzia miaka mitano hadi saba. Sababu ni mbili. Sikio hukua haraka kuliko viungo vingi, na kwenye umri huo limekaribia sana ukubwa wa sikio la mtu mzima, kwa hiyo kulishona hakulizuii kukua. Halafu gegedu la mtoto mdogo zaidi ni laini mno, uzi unalikata kama uzi unavyokata jibini. Kikomo cha juu hakipo, mtu wa miaka thelathini anaweza kufanyiwa pia. Kwa mtoto hufanyika chini ya nusu kaputi, na kwa mtu mzima ganzi inaweza kutosha.

Daktari hupasua nyuma ya sikio, mahali ambapo kovu halionekani. Mkunjo unaokosekana anautengeneza kwa nyuzi za kudumu zinazolivuta gegedu lijikunje, njia iliyoelezwa na daktari Mustardé mwaka 1963. Kama bakuli ni refu, analivuta nyuma kwa nyuzi zinazolishikiza kwenye tabaka gumu la mfupa wa nyuma ya sikio, njia ya daktari Furnas ya mwaka 1968. Kazi yote huchukua kama saa moja hadi mbili. Kisha kichwa hufungwa bandeji kwa siku kadhaa, na baada ya hapo mtoto huvaa kitambaa laini cha kichwani wakati wa kulala kwa wiki nne hadi sita, bila mpira wala michezo ya kukamatana. Mtoto asiyekubali bandeji ataivuta, na nyuzi zitaachia.

Mambo yanaweza kwenda kombo. Damu ikijikusanya chini ya ngozi katika siku mbili za kwanza, upande mmoja utauma kuliko mwenzake, na maumivu yatazidi badala ya kupungua. Hapo bandeji inafunguliwa na daktari siku hiyohiyo, maana damu ikiachwa inaweza kuliharibu gegedu. Maambukizi huja baadaye kidogo. Miezi ikipita, uzi unaweza kujitokeza kwenye ngozi, au sikio likarudi nje kiasi.

Kwetu liko moja zaidi ambalo ningependa kila mzazi alitamke mwenyewe mbele ya daktari, hata asipoulizwa: keloidi, kovu linaloendelea kukua hadi kupita mpaka wa jeraha, linawasha na kuwa gumu. Watu wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi, na sikio ni mojawapo ya sehemu linazozipenda. Mtazame mtoto kwenye kovu la chanjo begani, watazame wazazi, mashangazi na wajomba waliotoga masikio au waliopona vidonda. Kovu likianza, zipo sindano za dawa za kulipunguza, ila linaweza kurudi, na keloidi nyuma ya sikio ni shida kubwa kuliko sikio lililochomoza. Jirani yangu aliponisikia hapo alinyamaza, akainua nywele na kunionyesha ndewe ya kulia: donge kama punje ya njegere, mahali alipotoga tundu la pili akiwa sekondari.

Hilo halimaanishi mwanawe hawezi kupasuliwa. Linamaanisha uamuzi unahitaji sababu nzito zaidi, na sababu hiyo itoke kwa mtoto mwenyewe. Nilimwomba mama amuulize bila kumwekea maneno mdomoni. Asiseme "unataka tukutengeneze masikio?" Amuulize shuleni ni nini kinamuudhi, kisha angoje. Mtoto alisema, "Nataka wasiniite Dishi mbele ya timu." Hakutaja masikio. Nyumbani alikuwa anajitazama kwenye kioo kama kawaida, na picha alipiga bila kujificha.

Mimi namwona mtoto wa namna hiyo kuwa mgonjwa wa jina, na dawa ya jina iko shuleni. Mama alikwenda kwa mwalimu wa darasa, akazungumza naye faragha, na akaomba jambo moja mahususi: jina lile lisitumike darasani wala uwanjani, na mwalimu mwenyewe asilitumie hata kwa utani. Ikagundulika kwamba kocha wa timu alikuwa analitumia. Akaacha, na wavulana wengi wakaacha baada yake. Wawili hawakuacha, na wazazi wao wakaitwa.

Angekuwa mtoto mwingine, ningesema tofauti. Mtoto anayekataa kunyolewa hadi analia, anayevaa kofia ndani ya nyumba, anayeumwa tumbo kila Jumatatu, ambaye mwenyewe amerudia kwa miezi kwamba anataka masikio yake yabadilishwe, huyo apelekwe akaonwe na daktari wa masikio, pua na koo au wa upasuaji rekebishi. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara hizo, na rufaa inaweza kuanzia hospitali ya wilaya. Kabla ya kupanga tarehe, uliza bima yako kwa maandishi, kwa sababu bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa wa urembo na hazilipi.

Kifaa cha mtoto mchanga kilitolewa akiwa na wiki nne na siku mbili. Daktari aliwaambia wasishangilie bado, wangoje siku tatu waone kama mkunjo utabaki bila kushikwa. Siku ya nne kaka mtu alinijia mbio na rula yake ya shule, akitaka twende tukampime mdogo wake. Nilimweleza kwamba sikio la mtoto mchanga ni dogo mno kwa kipimo kile, linatazamwa kwa macho tu. Akainama juu ya kitanda, akalitazama la kushoto, akalitazama la kulia, kisha akapitisha kidole taratibu kwenye ule mkunjo. Ulikuwepo.